Kichwa cha habari: ahidi faida, taja na sharti lake

Tuseme mhariri amekabidhiwa makala kuhusu kuhifadhi mahindi. Mwandishi ameeleza mifuko ya PICS, ile yenye tabaka tatu: mifuko miwili ya plastiki ndani, kiroba nje. Mkulima akijaza mahindi na kufunga kila tabaka peke yake, hewa mpya haiingii. Wadudu waliofungiwa humo hutumia oksijeni iliyobaki hadi ikapungua, wakaacha kula, mwishowe wakafa. Dawa ya unga haihitajiki. Masharti yapo: mahindi yakaushwe hadi unyevu wa asilimia 13 hivi, mfuko usifunguliwe kila siku, na panya wasiutoboe.

Makala iko sawa. Kinachobaki ni kichwa, na cha kwanza kuja akilini huwa hiki: "Siri ya kumaliza dumuzi yafichuka!" Kitabofywa sana. Lakini siri iko wapi, wakati mifuko yenyewe inauzwa kwenye maduka ya pembejeo? Na dumuzi, ambaye baadhi ya wakulima wa Tanzania humwita Skania, hamaliziki. Wanaokufa ni waliomo mfukoni, na wenzao wa ghalani wanaendelea kutafuna. Kichwa hiki ni rahisi kukikataa.

Kigumu ni cha pili: "Hifadhi mahindi kwa miezi mingi bila dawa." Hapa faida iko wazi na kila neno lina ukweli wake. Sasa mfikirie mkulima aliyetumiwa kichwa hicho kwenye WhatsApp bila makala. Ananunua mfuko, anajaza mahindi ambayo bado yana unyevu, anafunga barabara. Atakapofungua atakuta ukungu, kwa sababu mfuko usiopitisha hewa hautoi unyevu nje pia. Amepata hasara kwa kufuata kichwa ambacho hakina uongo hata mmoja.

Ndiyo maana kumuuliza mhariri kama kichwa chake ni cha kweli hakutoshi. Aulizwe ni sharti gani, likikosekana, linageuza faida kuwa hasara. Hilo lazima lipande kwenye kichwa. Mengine yakae aya ya kwanza. Katika makala yetu, panya akitoboa mfuko wadudu wanaweza kupona. Ni pigo, ila linaweza kusubiri aya. Unyevu hauwezi kusubiri.

Wahariri hulalamika kwamba masharti yanarefusha kichwa na kukifanya kisomeke kama mkataba wa benki. Si lazima. Sharti likigeuzwa kuwa sifa ya kitu chenyewe, linakula neno moja tu: "Mahindi makavu hukaa miezi bila dawa kwenye mfuko usiopitisha hewa." Neno "makavu" limewekwa mbele makusudi, maana simu hukata vichwa virefu, na kinachokatwa ni mkia. Sharti likikaa mwishoni ndilo la kwanza kupotea.

Zaidi ya hapo, neno hilo linaamsha swali la halali: makavu kiasi gani? Makala inalijibu kwa jaribio la chumvi. Tia punje kwenye chupa kavu ya kioo pamoja na chumvi kavu, funika, tikisa, iache itulie kidogo. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, rudisha mahindi juani. Binafsi ningefikiria hata kubadilisha kichwa kizima: "Chumvi na chupa: pima mahindi kabla ya kuyafunga." Ahadi imepungua ukubwa, lakini yote inalipwa ndani, na mtu atataka kujua chumvi inaingiaje hapo.

Kuna njia nyepesi ya kukijaribu kichwa kabla hakijatoka. Mpe mwenzako asiyeijua makala akisome peke yake, akueleze anategemea kupata nini ndani. Akitaja kitu ambacho hukioni kwenye makala, kichwa kimezidisha. Baada ya kuchapisha, muda wa kusoma hukuambia yaliyobaki: wakifungua wengi na kutoka papo hapo, mara nyingi hawakukuta walichoahidiwa. Mwaka 2014 Facebook ilitangaza kuwa ingetumia kipimo cha aina hiyo kushusha viungo vya udaku wa kubofyesha.

Jicho la ziada lielekezwe kwenye vichwa vya maswali. "Je, tangawizi inatibu presha?" Kama jibu la ndani ni hapana, basi kichwa kimejikinga kwa alama moja tu, na asiyefungua anaondoka akiwa na tangawizi akilini. Anayeacha vidonge kwa sababu hiyo hataiona aya ya nne iliyomkataza. Jibu lenyewe linaweza kuwa kichwa, na lina faida ya kutosha: "Una presha? Kunywa tangawizi ukipenda, vidonge usiache."