Jina la DJ: Lisomeke Bangoni, Liitike Jukwaani

Chukua mfano wa kijana aliyejipa jina XTREME VIBRATION. Bango la kurusha WhatsApp kwa kawaida huwa na upana wa pikseli 1080. Ukiacha ukingo wa 90 kila upande, zinabaki 900. Jina hilo lina nafasi 16 pamoja na pengo la katikati, hivyo kila herufi inapata takriban pikseli 56 tu. Kwenye simu, na picha ya msanii mkubwa ikiwa kando, herufi hizo hazionekani. Angejiita KOMBE, kila herufi ingepata 180.

Sasa mpe MC kipaza sauti. Ana sekunde mbili kabla besi haijashuka. Sauti kama s, f na sh humezwa na kelele, lakini a, o na e zinapenya. Ndiyo maana jina kama la DJ Joe Mfalme wa Kenya linatamkika kwa pumzi moja, na silabi ya mwisho inaweza kuvutwa kwa shangwe. Jihadhari pia na r na l, maana kwa wasemaji wengi hubadilishana, na namba zilizowekwa badala ya herufi humkwamisha MC.

Kabla ya kulipia nembo, jirekodi ukilitamka jina juu ya muziki, mtumie rafiki asiyelijua, mwambie aliandike. Akikosea, wateja nao watakosea wakikutafuta mtandaoni. Chagua jingine.