Nakala za Msimbo Kabla ya Kujifunza Git

Msimbo wa mazoezi unaokaa kwenye laptopu moja tu hauna maisha marefu kuliko diski ya laptopu hiyo. Chai ikimwagika juu ya kibodi, laptopu ikiibwa kwenye daladala au diski ikikataa kusomeka asubuhi moja, miezi ya kazi huondoka nayo. Wanafunzi wengi huambiwa kwamba dawa ni Git, mfumo wa kutunza matoleo ya msimbo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Jibu hilo ni nusu tu. Git huweka kumbukumbu zake ndani ya folda iliyofichwa iitwayo `.git`, na folda hiyo imo ndani ya mradi wenyewe, kwenye diski ileile. Mpaka zipelekwe mahali pengine, kumbukumbu hizo hufa pamoja na laptopu. Kutoa nakala nje ya mashine ni kazi ya pekee, na anayeanza anaweza kuifanya leo kwa fleshi na akaunti ya kuhifadhi faili mtandaoni.

Swali la kwanza ni kipi kinakiliwe. Chukua mfano wa mwanafunzi wa Python anayetengeneza tovuti ndogo ya duka kwa Django, mradi wote ukiwa kwenye folda `duka`. Faili alizoziandika kwa mkono wake ni chache, na zote kwa pamoja hazifiki hata MB 1. Hata hivyo, folda nzima inaweza kuwa na makumi ya MB na maelfu ya faili. Uzito huo unatoka kwenye folda `venv`, inayobeba Django na maktaba nyingine zilizopakuliwa. Kwa anayejifunza JavaScript, mzigo kama huo huitwa `node_modules`.

Folda hizo ndizo zinazowakatisha watu tamaa. Fleshi huandika faili kubwa moja upesi, lakini hujikongoja inapopewa maelfu ya faili ndogo, kwa sababu kila faili ina kazi yake ya kuandikishwa. Kwenye mtandao hali ni hiyohiyo, na bando huliwa bure. Isitoshe, `venv` hata ikinakiliwa haihamishiki kwa uhakika, maana ndani yake zimeandikwa njia kamili za folda za laptopu ya zamani. Kinachofaa kuhifadhiwa ni orodha ya maktaba, si maktaba zenyewe. Orodha hiyo hupatikana kwa amri ifuatayo, `venv` ikiwa imewashwa:

```
pip freeze > requirements.txt
```

Baada ya hapo seva ya majaribio huzimwa kwa Ctrl+C. Hatua hii hurukwa mara nyingi, nayo ina sababu yake: data za duka zimo kwenye faili `db.sqlite3`, na faili ya hifadhidata ikinakiliwa wakati programu inaiandikia, nakala inaweza kutoka ikiwa imeharibika. Kisha mradi hufungwa kuwa faili moja. Kwenye Windows 10 na 11 amri ya `tar` imo tayari, na hutolewa kutoka kwenye folda iliyo juu ya `duka`:

```
tar -a -c -f duka-2025-06-13.zip --exclude=venv duka
```

Tarehe kwenye jina haikuwekwa kama pambo. Mwaka ukitangulia, ukafuata mwezi kisha siku, faili hujipanga zenyewe kwa mfuatano. Na kwa kuwa kila nakala ina jina lake, ya leo haiifuti ya wiki iliyopita. Tuseme mwanafunzi amefuta nusu ya `views.py` siku ya Jumanne kwa bahati mbaya, asigundue. Ijumaa ananakili. Kama alikuwa na nakala moja tu inayoandikwa upya kila mara, sasa ana hasara hiyohiyo mahali pawili. Mwenye nakala zenye tarehe hufungua ya Ijumaa iliyotangulia, akaichukua faili yake. Bila uzito wa `venv`, kila nakala ni ndogo kiasi kwamba hakuna haja ya kufuta za zamani kwa miezi mingi.

Faili hiyo ya zip hupelekwa sehemu mbili, maana fleshi na hifadhi ya mtandaoni hazina udhaifu unaofanana. Fleshi haihitaji bando, lakini hupotea kirahisi, na hubeba virusi kutoka kompyuta moja ya maktaba hadi nyingine. Baadhi ya zinazouzwa kwa bei ya kutupa ni za uongo: hujitangaza kuwa na GB 64 ilhali chipu ya ndani ina sehemu ndogo tu ya hizo. Faili zinazozidi uwezo halisi huonekana kwa majina, lakini hazifunguki. Pia fleshi ikichomolewa kabla kompyuta haijamaliza kuandika, faili hubaki pungufu. Kwa hiyo huondolewa kwanza kwa amri ya kuitoa salama, kisha huchomekwa tena na zip hufunguliwa kutoka humohumo. Kuichomeka upya kuna maana: bila hivyo, kompyuta inaweza kuionyesha faili kutoka kwenye kumbukumbu yake yenyewe, si kutoka kwenye fleshi.

Google Drive hutoa GB 15 bila malipo, ingawa barua pepe na picha za akaunti hiyo hula humohumo. Hapa pana mtego mmoja. Programu yake ya kompyuta inaweza kuwekwa ifuatishe folda, yaani kila badiliko la kwenye laptopu litokee pia mtandaoni. Hilo linamfaa aliyeibiwa laptopu, lakini halimfai sana aliyekosea, kwa kuwa faili iliyofutwa hapa hufutwa na kule. Hukaa kwenye pipa la taka siku 30, kisha huondoka moja kwa moja. Ndiyo maana ni salama zaidi kupakia zip yenye tarehe kwenye folda isiyofuatishwa na laptopu. Ikiwa mradi una faili ya nywila, mara nyingi `.env`, hiyo isiingizwe kwenye zip, maana fleshi huokotwa. Nywila zitunzwe pahali pengine.

Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa bado ni tumaini tu. Jaribio lake huchukua dakika chache: zip ya kwenye fleshi au ya mtandaoni hufunguliwa ndani ya folda mpya tupu, ikiwezekana kwenye kompyuta ya rafiki yenye Python, na amri hizi hutolewa ndani ya `duka`:

```
python -m venv venv
venv\Scripts\activate
pip install -r requirements.txt
python manage.py runserver
```

Intaneti inahitajika kwenye mstari wa tatu, kwa kuwa maktaba zinapakuliwa upya. Kisha kivinjari hufunguliwa kwenye `http://127.0.0.1:8000`. Duka likitokea na bidhaa zake, nakala ni nzima. Ukitokea ujumbe wa `no such table`, hifadhidata ilisahauliwa nje ya folda. Ujumbe wa `ModuleNotFoundError` mara nyingi humaanisha kwamba orodha ya maktaba ilitengenezwa kabla maktaba ya mwisho haijasakinishwa, au wakati `venv` haijawashwa. Kosa hilo hurekebishwa kwenye laptopu ya asili, ikiwa bado inawaka.

Mwanafunzi huyohuyo atakapofika kwenye Git, zip zake hazitakuwa takataka. Anaweza kuzifungua moja baada ya nyingine kwa mfuatano wa tarehe, akaziingiza kila moja kama hatua yake, na mradi wake ukaanza Git ukiwa tayari na historia ya miezi iliyopita.