Jina Refu Lipewe Upana

Tangu Somalia ijiunge mwaka 2024, Jumuiya ya Afrika Mashariki ina nchi wanachama nane. Tuseme umepewa kazi ya kuchora grafu ya pau inayolinganisha maeneo ya nchi hizo, na ripoti inataka majina rasmi. Kufupisha kuna hatari yake: ukiandika "Kongo" peke yake, msomaji atauliza ni ya Kinshasa au ya Brazzaville. Basi unaandika "Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo", herufi 32 ukihesabu na nafasi. "Jamhuri ya Shirikisho la Somalia" nayo ina 32.

Sasa chukua rula. Grafu ya ukurasa wa A4 ina upana wa sentimita 16 hivi. Pau nane zikisimama, kila moja inapata sentimita 2. Kwa maandishi ya ukubwa wa pointi 10, herufi moja inakula wastani wa milimita 1.75, kwa hiyo jina la Kongo linahitaji karibu sentimita 5.6. Haliingii. Programu ikiona hivyo, inaliinamisha lenyewe kwa nyuzi 45.

Hapo ndipo matatizo yanapoanza. Jina lililoinamishwa hivyo linashuka sentimita 4 na kusogea kushoto sentimita 4. Mwisho wake uko chini ya upau wake, lakini mwanzo wake uko chini ya upau wa pili kushoto. Msomaji anayeanza na neno "Jamhuri" anaweza kupandisha jicho moja kwa moja na kutua kwenye nchi isiyo yake. Isitoshe, kama grafu ina kimo cha sentimita 9, majina yamekwisha kula 4, na upau mrefu kuliko zote umebakiwa na 5. Kongo ina kilomita za mraba zipatazo 2,345,000, Rwanda 26,000. Upau wa Rwanda unakuwa nusu milimita, sawa na mstari wa kalamu.

Laza pau hizo hizo. Majina yanakaa kushoto, wima wa herufi ukiwa wa kawaida, kila jina mkabala na upau wake. Yakichukua sentimita 6, pau zinabaki na 10: upau wa Kongo umerefuka maradufu, na wa Rwanda umefika milimita 1.1. Kimo nacho hakipotei, kwa kuwa kila mstari unatosheka na sentimita moja au pungufu. Jina likiwa refu zaidi, kiasi cha kupita sentimita hizo 6, likate liwe mistari miwili.

Katika Excel, panga kwanza jedwali kuanzia nchi kubwa hadi ndogo, kisha chagua `Clustered Bar`. Wengi hushtuka hapa: Kongo iliyokuwa juu ya jedwali imeangukia chini ya grafu. Programu haijakosea; inahesabu kuanzia pale mihimili miwili inapokutana, yaani chini. Bofya majina kwa kitufe cha kulia, fungua `Format Axis`, weka alama kwenye `Categories in reverse order`. Mpangilio utakaa sawa, ila namba za mhimili zitarukia juu. Unaweza kuzirudisha kwa `At maximum category`, au uzifute kabisa na uandike thamani mwishoni mwa kila upau. Njia hii ya pili inafaa zaidi hapa, kwa sababu Burundi (28,000) na Rwanda zinakaribiana mno na jicho halitazitofautisha.

Kisha hesabu majina. Grafu ikiwa fupi mno, Excel huruka baadhi yake kimyakimya: pau nane, majina manne. Dawa ni kuongeza kimo, au kuweka 1 kwenye `Specify interval unit`.

Lakini si kila grafu ilazwe. Miezi na miaka iachwe isonge kutoka kushoto kwenda kulia, kama tulivyozoea kuusoma wakati. William Playfair, katika atlasi yake ya biashara ya mwaka 1786, alichora hivyo takwimu zake za miaka mingi, kwa mistari. Alipofika Uskoti hakuwa na takwimu za miaka mfululizo. Alikuwa na mwaka mmoja tu, na majina 17 ya sehemu ilizofanya nazo biashara. Kwa hiyo alichora pau, akazilaza, na majina akayaandika pembeni, kila moja kwenye mstari wake. Grafu hiyo ya pau, mojawapo ya za kwanza kabisa kuchapishwa, inasomeka bila kupinda shingo.