Sifuri Iliyoachwa Kwenye Jedwali

Mwanafunzi wa kemia amempa mwenzake rasimu ya ripoti ya maabara aisome kabla haijafika kwa mwalimu. Jaribio lenyewe ni la kawaida: kutafuta ukolezi wa sodiamu haidroksaidi. Kila mara alipima 25.00 cm³ za alkali kwa pipeti, akatia matone ya methili oranji, kisha akaidondoshea asidi ya haidrokloriki ya 0.100 M kutoka kwenye bureti mpaka rangi ya njano ikabadilika. Jedwali lake lina safu moja isiyo na kizio: 24.8, 24.1, 24.15, 24.1. Chini yake ameandika wastani, 24.2875, na jibu, 0.09715 M.

Mwenzake akamjibu hivi:

“Ndugu yangu, tuanze na safu hiyo. Bureti yetu ina mistari ya kila 0.1 cm³, na jicho linaweza kukadiria nusu ya nafasi hiyo, yaani 0.05. Ukiandika 24.1, msomaji ataelewa kwamba hukukadiria. Kama ulisoma 24.10, sifuri hiyo ni kipimo, iandike. Lakini usiiongeze kwa kubuni. Rudi kwenye daftari lako la maabara uone ulichosoma siku ile.

“Pia weka kipimo cha kuanzia na cha kumalizia kwa kila mzunguko, na uandike cm³ juu ya safu. Mzunguko wa tatu ulianzia 24.10 ukaishia 48.25. Nikiona namba hizo mbili naweza kutoa mwenyewe na kupata 24.15. Ukinipa tofauti peke yake, kosa la kutoa halitaonekana kamwe.

“Kubwa zaidi ni ile 24.8. Huo ni mzunguko wa kukisia, ulipofungulia asidi haraka ili ujue rangi inageukia wapi, ukapitiliza. Usiufute, uache kwenye jedwali ukiwa na jina lake, ila usiuingize kwenye wastani. Mizunguko mitatu iliyobaki inapishana kwa 0.05 tu, na wastani wake ni 24.12 cm³. Zidisha kwa 0.100, gawa kwa 25.00, utapata 0.0965 M. Ishia hapo, kwa sababu asidi yenyewe tuliijua kwa tarakimu tatu, na kikokotoo hakiwezi kutupa uhakika ambao chupa haikuwa nao.”

Majibu hayo mawili yanatofautiana kwa takriban asilimia 0.7. Kwa mikono iliyopata mizunguko mitatu inayokaribiana namna ile, tofauti hiyo ni kubwa, na haikutoka kwenye bureti. Ilitoka kwenye karatasi. Ndiyo maana naona maoni haya yana thamani kuliko alama ya kosa ya wino mwekundu: yanamwonyesha mwandishi wa ripoti namba gani irudi kukaguliwa, na wapi.

Ukiombwa kusoma ripoti ya mwenzako, anza na jedwali, shika kikokotoo, na urudie hesabu zake kabla hujagusa sentensi hata moja.