Juisi na jimu chini ya picha moja

Jioni ikiingia, kwenye mitaa kama ya Sinza jijini Dar es Salaam, watu hutoka jimu na taulo shingoni na kuvuka barabara kwenda kwa muuza juisi. Hawa wawili wamekuwa wakigawana wateja bila kujua. Siku wanapoamua kuungana, kinachotangulia ni picha Instagram: glasi ya miwa juu ya benchi la vyuma. Halafu inabaki kazi ya kuandika kepsheni, na hapo ndipo wengi wanapoharibu.

Wengi huanza hivi: “Tunayo furaha kubwa kuwatangazia wateja wetu wapendwa kwamba tumeingia ubia…” Msomaji anayepitisha kidole huonyeshwa takribani herufi 125 tu kabla maandishi hayajakatwa. Nafasi yote imeliwa na furaha, ofa haijatajwa. Na neno “ubia” lina uzito wake: katika sheria ya mikataba ya Tanzania, wabia ni watu wanaofanya biashara kwa pamoja ili wapate faida. Hawa wawili hawachangii mtaji wala hawagawani madeni. “Ushirikiano” linatosha.

Ugumu mwingine ni kwamba kepsheni inasomwa na makundi mawili. Tangu 2021 Instagram inaruhusu posti moja kukaa kwenye kurasa mbili: mmoja anaiweka, anamwalika mwenzake, naye akikubali wafuasi wa pande zote wanaona maneno yaleyale. Sasa ukiandika “karibuni kwetu”, kwetu ni wapi? Ni heri kila kundi liitwe kwa jina lake tangu mwanzo:

“Una kadi ya jimu? Juisi ya 3,000 utaipata kwa 2,000. Mteja wa juisi? Leta risiti 5 jimu, siku 1 ya mazoezi bure.”

Hizo ni herufi 112. Kila mmoja amejiona, ameona bei, na hakuna aliyeambiwa “bei inboksi”.

Lakini kabla ya kuandika, wawili hao wanapaswa kukaa na kalamu. Tuseme glasi ya 3,000 humgharimu muuzaji 1,700 kwa matunda, barafu na glasi ya kubebea. Faida ni 1,300. Akipunguza 1,000, anabaki na 300. Wanachama 30 waliokuwa wakinunua kila siku kwa bei kamili wakianza kuonyesha kadi, amepoteza 30,000 kwa siku bila kupata hata mteja mmoja mpya. Upande wa jimu hesabu ni tofauti kabisa. Mgeni mmoja mchana, vyuma vikiwa vimelala, hagharimu karibu chochote. Mgeni huyohuyo saa 12 jioni anamsimamisha kwenye foleni mwanachama aliyelipa mwezi mzima.

Dawa yake ni masharti, na masharti hayo yaingie kwenye kepsheni, yasibaki kichwani mwa wenye biashara. Muuzaji anaweza kutoa punguzo asubuhi tu, wakati wateja wake ni wachache. Jimu nayo ikapokea wenye risiti mchana tu. Glasi moja kwa mtu kwa siku. Juisi zipi hasa? Miwa na tikiti, labda. Parachichi ina gharama nyingine.

Saa nazo ziandikwe kwa maneno. Ukiweka “12:00–3:00”, mmoja atakuja alfajiri, mwingine adhuhuri, na wote watakuwa na haki. “Saa 12 hadi saa 3 asubuhi” haina ubishi. Tarehe ya mwisho iwe tarehe, maana “mpaka mwisho wa mwezi” huzua ugomvi kaunta.

Kuna maneno ya kuacha pia. “Inachoma mafuta” na “inasafisha sumu” hupendwa sana kwenye posti za namna hii, na jimu ikiyaweka kwenye ukurasa wake inakuwa imeyathibitisha. Ukweli ni kwamba Shirika la Afya Duniani huihesabu sukari ya juisi ya matunda, hata isiyoongezwa kijiko, miongoni mwa sukari za kupunguzwa. “Imekamuliwa sasa hivi, ina tangawizi na ndimu” ni sifa ya kutosha, ilimradi iwe kweli. Juisi ya miwa iliyokaa huanza kugeuka rangi, na mteja anaona.

Kijana wa kaunta naye asomewe kepsheni kabla haijarushwa. Mwanachama akifika na kadi, akaambiwa “ofa gani?”, malalamiko yatakwenda chini ya posti, mbele ya wafuasi wa kurasa zote mbili.

Na muda ukiisha, posti haiondoki yenyewe. Miezi baadaye kuna atakayeiona na kuja na risiti zake tano. Hariri kepsheni siku hiyohiyo, na neno la kwanza liwe IMEISHA.