Transfoma Nzima Inapodhaniwa Mbovu

Transfoma isiyo na kasoro yoyote, na isiyobeba mzigo wowote, inaweza kuvuta mkondo mara sita au zaidi ya ule iliotengenezewa, pale tu breka inapowashwa. Mkondo huo hufifia wenyewe, mara nyingi ndani ya sekunde moja, ingawa transfoma kubwa huchukua sekunde kadhaa. Tatizo ni kwamba rilei inayoilinda transfoma hiyo huuona mkondo huo kama shoti.

Tuchukue transfoma ya megavolti-ampea 20 inayoshusha kilovolti 132 kuwa kilovolti 33. Mkondo wake kamili upande wa juu ni kama ampea 87. Ikishatulia bila mzigo, huvuta chini ya ampea moja, wa kukipa sumaku kiini chake cha chuma tu.

Usumaku wa kiini hufuata volteji: volteji ikiwa chanya unapanda, ikiwa hasi unashuka. Mambo yakishatulia, kila nusu-wimbi chanya huukuta usumaku chini, kwenye tesla 1.7 hasi, na kuupandisha hadi 1.7 chanya. Ni mwendo wa tesla 3.4. Sasa breka ikiunganisha umeme wakati volteji inaanza kutoka sifuri, nusu-wimbi hilo hudai mwendo uleule wa 3.4, ila linaanzia sifuri. Tena mara nyingi si sifuri kamili, kwa sababu chuma hubaki na masalia ya sumaku tangu kilipozimwa. Masalia yakiwa tesla 1, yanayodaiwa ni 4.4, na chuma chenyewe hushiba kwenye tesla 2 hivi. Kikishashiba, koili inakuwa kana kwamba imezungushwa hewani tu, na mkondo unaruka.

Breka ikifunga pale volteji ilipo kileleni, na masalia hayapo, kishindo hicho hakitokei. Lakini fezi ziko tatu na hazifiki kileleni pamoja, kwa hiyo zikiunganishwa kwa mkupuo mmoja, walau moja itanaswa vibaya.

Rilei ya tofauti hupima mkondo unaoingia transfoma na unaotoka, ikizingatia uwiano wa koili. Visipolingana, kuna mkondo unaopotelea ndani. Ikiwa imepangwa kutripu tofauti ikifika asilimia 30 ya mkondo kamili, kwa transfoma yetu ampea 26 zinatosha. Mkondo wa kuwasha huingia upande mmoja tu na hautokei upande wa pili, basi wote unahesabiwa kuwa tofauti. Kuichelewesha rilei makusudi ni dawa mbaya, maana shoti ya kweli ndani ya tangi haisubiri.

Mwaka 1938 wahandisi wawili wa Marekani, Kennedy na Hayward, walichapisha njia bora zaidi: kutazama umbo la mkondo badala ya ukubwa wake peke yake. Chuma kinachoshiba upande mmoja hutoa vilele upande huohuo tu, na kati ya kilele na kilele mkondo unalala karibu na sifuri. Wimbi la namna hiyo, lisilofanana juu na chini, lina hamoniki ya pili kwa wingi, yaani hezi 100 katika umeme wetu wa hezi 50. Mkondo wa shoti huwa nayo kidogo sana.

Rilei basi hugawanya. Tuseme transfoma yetu inapowashwa tofauti ina ampea 240 za hezi 50 na ampea 110 za hezi 100. Hiyo ni asilimia 46, na kwa mpaka wa kawaida wa asilimia 15 rilei inajizuia. Ikija shoti yenye ampea 600 na ampea 18 tu za hezi 100, ni asilimia 3, na breka inakatwa.

Mpaka huo wa 15 si salama kila mahali. Viini vya chuma bora cha siku hizi vinaweza kutoa hamoniki ya pili iliyo chini yake, hasa masalia yakiwa makubwa, na fezi moja ikaiangusha breka bure. Wengine hupanga fezi moja yenye hamoniki izizuie zote tatu. Mimi naona huo ni mkopo wenye riba: transfoma ikiwashwa ikiwa na shoti kwenye fezi moja, fezi mbili nzima zitaizuia rilei isiiguse.

Kuna pia shoti kubwa kiasi cha kuvishibisha vipimo vya mkondo vyenyewe. Vikishiba, navyo huzua hamoniki ya pili, na rilei inadanganyika kwamba transfoma inawashwa. Kwa hiyo huwekwa kipimo kingine kisichouliza hamoniki kabisa, kilichopangwa juu ya kishindo kikubwa kinachotarajiwa, mathalani mara 10 ya mkondo kamili. Kwa transfoma yetu ni ampea 870 hivi, na zikifika hizo breka inakatwa papo hapo.