Kutoka Lugha ya Soko hadi Lugha ya Kwanza: Pijini, Krioli na Kiswahili cha Mpaka wa Rusizi II

Ikisiri

Makala haya yanaeleza tofauti kati ya pijini na krioli, na yanachunguza jinsi lugha ya mawasiliano iliyorahisishwa inavyoweza kukua hadi kuwa lugha kamili ya wazawa. Mfano mkuu ni Kiswahili kinachosikika katika mpaka wa Rusizi II, baina ya wilaya ya Rusizi nchini Rwanda na jiji la Bukavu nchini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Hoja inayotetewa ni kwamba Kiswahili cha Bukavu si pijini, na si krioli kwa maana finyu ya istilahi hiyo, bali ni lugha ya kwanza yenye sarufi yake. Kukiita Kiswahili kibovu ni kosa la kitaalamu, na kosa hilo lina gharama katika shule na katika ofisi za umma.

1.0 Utangulizi

Jina Rusizi II linajulikana kwa mambo mawili: bwawa la umeme lililoanza kazi mwaka 1989, ambalo ni mali ya pamoja ya Burundi, Rwanda na Kongo, na kituo cha mpaka kinachovukwa kila siku na wachuuzi, wanafunzi na madereva. Katika kituo hicho Kiswahili husikika kwa namna tatu. Mchuuzi aliyekulia katika Kinyarwanda hukitumia kupatana bei, kisha hurudi katika lugha yake. Afisa aliyesoma Kiswahili darasani hujitahidi kufuata Kiswahili Sanifu. Kijana wa Bukavu hukizungumza kwa sababu ndiyo lugha aliyoisikia nyumbani tangu utotoni. Watu hawa watatu huelewana kwa kiasi kikubwa, na ndiyo maana ni rahisi kudhani kwamba tofauti yao ni ya usahihi tu: mmoja anajua zaidi, mwingine anajua kidogo. Dhana hiyo haifai. Mchuuzi yuko karibu na hali inayozaa pijini, ilhali kijana wa Bukavu ni mzawa wa lugha.

2.0 Pijini ni nini, na krioli ni nini?

Pijini huzaliwa pale watu wasio na lugha ya pamoja wanapolazimika kushirikiana katika shughuli chache, kama vile biashara, jeshi au kazi ya mashambani. Haina wazawa: hakuna anayeota ndoto wala kubembeleza mtoto kwayo. Msamiati wake ni mdogo, viambishi vyake ni vichache, na kila mzungumzaji huitamka na kuipanga kwa kuegemea lugha yake ya asili. Krioli, kwa maelezo ya kimapokeo, ni pijini iliyopata wazawa. Watoto wanapoirithi kama lugha ya kwanza, hutakiwa kuitumia kwa kila jambo, kuanzia ugomvi na utani hadi ibada na hadithi. Kwa hiyo lugha hupanuka na kanuni zake hutulia.

Kisetla, kilichoelezwa na Vitale (1980), ni mfano wa pijini isiyokua. Kilitumika Kenya baina ya walowezi wa Kizungu na wafanyakazi wao. Kauli kama «mimi hapana jua» zinaonyesha dalili zake: nafsi hutajwa kwa neno huru badala ya kiambishi, na ukanushi hubebwa na neno moja lisilobadilika. Kisetla hakikuwa krioli kwa sababu hakuna jamii iliyokifanya lugha ya nyumbani. Mlowezi alirudi katika Kiingereza, na mfanyakazi alirudi katika lugha yake au katika Kiswahili kingine kilicho kamili zaidi. Ufukara wa sarufi haukuwa kizuizi chenyewe; kilichokosekana ni watoto.

Kinubi kinatoa mfano wa kinyume. Asili yake ni Kiarabu cha makambi ya jeshi la Misri kusini mwa Sudani, ambamo askari wa makabila mengi waliwasiliana kwa Kiarabu kilichopunguzwa. Mwaka 1891 Lugard aliwaingiza katika jeshi lake askari waliobaki nyuma baada ya Emin Pasha kuondoka, na vizazi vyao vikatulia Bombo nchini Uganda na Kibera nchini Kenya. Askari hawa walikuwa na familia, na makambi yalikuwa makazi. Watoto walipata lugha moja ya pamoja, nayo ni ile ya kambini. Katika Kinubi, kitenzi cha Kiarabu kimepoteza mnyambuliko wake wa nafsi: «ana akulu» ni «nilikula», «ana gi-akulu» ni «ninakula», na «ana bi-akulu» ni «nitakula». Umbo la kitenzi ni lile lile kwa kila nafsi, na kazi ya njeo na hali imehamia katika vipashio vya mwanzo. Mfumo wa kale ulivunjika, ukajengwa mwingine wenye kanuni. Hiyo ndiyo krioli.

3.0 Nani hujenga sarufi mpya?

Bickerton (1981) alidai kwamba watoto ndio wanaoibuni sarufi ya krioli kwa kutumia uwezo wa kuzaliwa nao, kwa sababu pijini ya wazazi haiwapi ya kutosha. Ushahidi wa Tok Pisin ya Papua Guinea Mpya unapunguza nguvu ya dai hilo. Sankoff na Laberge (1973) walifuatilia neno «baimbai», lililotokana na Kiingereza na kumaanisha «baadaye». Mwanzoni lilikuwa kielezi kilichokaa mwanzoni mwa sentensi. Polepole likafupishwa kuwa «bai», likasogea karibu na kitenzi, na likaanza kutumika hata pale ambapo sentensi ina neno jingine la wakati ujao. Maana yake ni kwamba halikuwa tena kielezi bali alama ya njeo. Mabadiliko haya yalikuwa yameanza kwa watu wazima. Wazawa vijana waliyaendeleza: walilitamka kwa haraka zaidi na bila mkazo, kama kiambishi kinavyotamkwa.

Mufwene (2001), mwanaisimu mzaliwa wa Kongo, anakwenda mbali zaidi na kukataa kwamba kila krioli lazima ipitie hatua ya pijini. Kwake, krioli ni lugha kama nyingine, na jina hilo linatokana na historia ya jamii zake kuliko aina maalumu ya sarufi. Mjadala huo haujafungwa, lakini somo lake ni muhimu kwa mfano wa Bukavu: pasiwekwe jina kabla ya kuchunguzwa historia ya wazungumzaji na mwenendo wa sarufi yao.

4.0 Kiswahili cha Bukavu

Kiswahili kilifika mashariki ya Kongo katika karne ya 19 pamoja na misafara ya biashara iliyotoka pwani kupitia Ujiji hadi Kasongo na Nyangwe. Baadaye utawala wa kikoloni ulikitumia katika jeshi, kazi na shule, na historia hiyo imeelezwa kwa kina na Fabian (1986). Mji wa Bukavu ulipokua, uliwakusanya Wabashi, Wahavu, Walega, Wafuliru na wengine. Katika nyumba ambamo baba na mama hawakushiriki lugha moja, na katika mitaa ambamo watoto walicheza pamoja, Kiswahili kilikuwa daraja, kisha kikawa makao.

Sarufi yake inaonyesha mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, kuna upunguzaji. Upatanisho wa ngeli za vitu umelegea, hivyo husikika «kitabu yangu» pale ambapo Kiswahili Sanifu kinadai «kitabu changu». Urejeshi wa ndani ya kitenzi umeacha nafasi kwa neno moja: «mutu yenye alikuya» badala ya «mtu aliyekuja». Mtu akiishia hapo, ataona pijini.

Pili, kuna ujenzi. Ngeli ya watu haikulegea. Imeimarishwa kwa kiambishi «ba-» cha lugha za jirani: «batoto badogo beko banasoma». Sentensi hiyo inaonyesha pia kwamba tendo linaloendelea lina umbo lake maalumu: «niko nasoma», «eko anasoma», «beko banasoma». Viambishi vya nafsi vipo vyote, tofauti kabisa na Kisetla na Kinubi.

Mfano wenye uzito zaidi ni kiambishi cha mazoea. Kiswahili Sanifu hutumia «hu-», kama katika «hupita hapa». Katika Kiswahili cha Bukavu kazi hiyo hufanywa na «-aka» mwishoni mwa kitenzi: «anapita hapa» ni tendo la sasa, «anapitaka hapa» ni desturi. Umbo hili lina ndugu katika lugha nyingi za Kibantu za eneo hilo. Kinyarwanda, kwa mfano, kina «-aga» katika «bakoraga», yaani «walikuwa wakifanya kazi». Wazungumzaji walichukua kipashio walichokifahamu kutoka lugha za wazee wao na kukipa nafasi ya kudumu katika Kiswahili. Pijini haina desturi ya kuongeza viambishi vya aina hii, huvipunguza.

Kwa hiyo hukumu inapaswa kuwa na mipaka. Kiswahili cha Bukavu kimepata wazawa kama krioli, lakini mnyambuliko wa kitenzi haukuvunjika kama ulivyovunjika katika Kinubi. Sababu inaeleweka: wengi wa waliokipokea walikuwa tayari wasemaji wa lugha za Kibantu, na muundo wa kitenzi cha Kiswahili haukuwa mgeni kwao. Umbali kati ya lugha zinazokutana ni miongoni mwa mambo yanayoamua kiasi cha uvunjaji.

5.0 Athari kwa sera

Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa. Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017, na mwaka 2022 Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hivyo kauli za Kiswahili cha Bukavu zitazidi kuandikwa na maafisa waliofundishwa Kiswahili Sanifu.

Tuchukulie mchuuzi anayehojiwa mpakani na kusema: «Ninapitishaka mafuta». Amesema kwamba ana desturi ya kupitisha mafuta. Karani asiyeijua «-aka» ataiona kuwa kosa la matamshi na kuandika «ninapitisha mafuta», kana kwamba mzigo upo mkononi wakati huo. Kinyume chake, mchuuzi akisema «ninapitisha» akimaanisha mzigo wa leo tu, karani anaweza kuuelewa kuwa mwenendo wake wa kila siku, kwa kuwa katika usemi wa kawaida wa Kiswahili kiambishi «-na-» hubeba maana zote mbili. Tofauti kati ya tendo moja na mazoea inaweza kubadili uzito wa shauri, na imepotea katika kalamu ya mwandishi.

Shuleni hali ni hiyo hiyo. Mwalimu anayeamini kwamba mwanafunzi hana Kiswahili atasahihisha «kitabu yangu» leo, «anapitaka» kesho, bila kumwonyesha kwamba ana mfumo mmoja na anajifunza wa pili. Njia yenye msingi wa kiisimu ni kulinganisha mifumo hiyo waziwazi: «-aka» hapa, «hu-» kule, «yenye» hapa, «-ye-» na «-o-» kule.

6.0 Hitimisho

Maswali matatu yanatosha kuitambua hali ya lugha ya mawasiliano: Je, wapo watoto walioipata kwanza? Je, wazungumzaji wake wanafuata kanuni zile zile, au kila mmoja anaegemea lugha yake? Je, inatumika katika mambo yote ya maisha? Kwa mchuuzi aliyekulia katika Kinyarwanda majibu yanaweza kuwa hapana. Kwa kijana wa ng'ambo ya pili ya mto, jibu ni ndiyo mara tatu. Sera inayowaweka wote wawili katika darasa moja la «Kiswahili kibovu» itamfundisha mmoja asichohitaji, na kumnyima mwingine heshima ya lugha aliyozaliwa nayo.